Kukubali ofa ya kazi kwa maandishi wakati tarehe ya kuanza na mambo mengine mawili bado hayajakaa sawa

"Habari mtaalamu. Jana Jumatatu nimepokea barua ya ofa, mshahara tulishaelewana sina shida nao. Ila tarehe ya kuanza wameandika 'tarehe 1 ya mwezi ujao au itakavyokubaliwa', na mimi kazini nilipo natakiwa kutoa notisi ya siku 30. Pia kwenye intavyuu meneja aliniambia nitakuwa nafanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki na muda wa majaribio ni miezi mitatu. Barua haijasema chochote kuhusu siku za nyumbani, na majaribio wameandika miezi sita. Wanataka jibu la maandishi mwisho Ijumaa tarehe 14. Nikiuliza naogopa wataona nina masharti mengi wampe mtu mwingine, nikikubali kwanza naogopa nimeshajifunga. Niandike nini?"

Hongera kwanza ndugu yangu. Nianze na hiyo hofu ya kunyang'anywa ofa maana ndiyo inayowafanya wengi wasaini harakaharaka halafu wakaja kulia mwezi wa pili kazini.

Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa hiyo barua, upande wa wanaoiandika, kwa hiyo nikueleze kinachoendelea huko. Mpaka barua inatoka, nafasi imeshaidhinishwa, bajeti imeshapita, watu wameshakaa kwenye intavyuu wakabishana wakakuchagua wewe. Afisa rasilimali watu anachotaka sasa hivi ni kulifunga hilo faili, na hawezi kulifunga bila tarehe, kwa sababu bila tarehe mtu wa mishahara hawezi kukuingiza, mtu wa kompyuta hajui aandae mashine lini, na bosi wako mpya hajui apange zamu vipi. Ukimwandikia kwamba unaweza kuanza siku fulani na sababu yake ni hii, umempunguzia kazi. Ofa niliyoona ikiondolewa kwa sababu mtu aliuliza swali moja la adabu ndani ya muda aliopewa ni nadra sana. Zinazopotea ni za mtu aliyekaa kimya mpaka siku imepita, au aliyefufua mshahara ambao tayari walishapeana mkono, au aliyetuma swali moja leo, lingine kesho, lingine keshokutwa asubuhi mpaka watu wakaanza kujiuliza atakuwaje akishaingia.

Sasa hofu ya pili, ya kujifunga, hiyo ina msingi na inabidi uielewe vizuri kwa sababu barua yako yote itajengwa juu yake. Kwenye mikataba, ofa inakubaliwa kama ilivyo. Ukijibu "nakubali, ila badilisha hiki", kisheria hujakubali, umeikataa ofa yao na kuwapa ya kwako, na sasa mpira uko kwao, wanaweza kukubali ya kwako au wakaachana nawe. Mfano unaofundishwa kwa kila mwanafunzi wa sheria za Kiingereza ni kesi ya Hyde na Wrench ya mwaka 1840. Wrench alimwambia Hyde shamba langu nakuuzia pauni 1000, Hyde akasema nakupa 950, Wrench akakataa, Hyde akarudi akasema basi sawa nachukua kwa ile 1000 yako. Mahakama ikasema hakuna mkataba hapo, ile ofa ya 1000 ilikufa siku ile ulipotaja 950. Na usidhani ni Waingereza peke yao, Ujerumani nao kwenye sheria yao ya kiraia kifungu cha 150 kinasema jambo hilohilo, kwamba kukubali huku umeongeza au umepunguza kunahesabika kuwa ni kukataa na kutoa ofa mpya.

Lakini hapa ndipo pana nafasi yako ya kupumua. Miaka 40 baadaye, mwaka 1880, ilikuja kesi nyingine, ya Stevenson na McLean. McLean aliwapa akina Stevenson ofa ya kuwauzia chuma kwa shilingi 40 tani, taslimu, wajibu mpaka Jumatatu. Jumatatu asubuhi wakampigia telegramu kumuuliza kama atakubali 40 hiyohiyo lakini mzigo uletwe kidogokidogo ndani ya miezi miwili, na kama hapana, mwisho kabisa anaweza kuwapa muda gani. McLean akaona hawa wamekataa, akauza kwingine. Wao mchana wakakubali ile ofa kama ilivyokuwa, kabla taarifa yake ya kwamba ameshauza haijawafikia. Mahakama ikasema wale hawakukataa kitu, waliuliza tu, na kuuliza hakuui ofa, kwa hiyo mkataba upo. Ndio tofauti unayotakiwa kuibeba kichwani wiki hii yote, kuuliza ni kitu kimoja na kuweka sharti ni kitu kingine, na anayesoma barua yako lazima aone bila kuhangaika unafanya lipi.

Ukishaielewa hiyo rudi kwenye mambo yako matatu, utaona kwamba wewe umeyaweka kapu moja wakati kila moja ni la aina yake, na kila moja lina namna yake ya kuandikwa.

Tarehe ya kuanza ndiyo nyepesi kuliko yote. Barua yenyewe imesema "au itakavyokubaliwa", yaani wao wenyewe wameacha mlango wazi, kwa hiyo ukipendekeza siku nyingine hujabadilisha kitu chochote kwenye ofa, umetumia nafasi waliyokupa. Kwa hilo unaweza kukubali ofa na kupendekeza tarehe kwenye barua hiyohiyo bila wasiwasi.

Siku mbili za nyumbani ni jambo ambalo liliongelewa kwa mdomo na barua imenyamaza. Barua kunyamaza haimaanishi wamekataa, mara nyingi ni kwamba barua inatoka kwenye fomu ya ofisi ambayo haina hata nafasi ya hicho kitu, na aliyeiandika hakuwepo kwenye intavyuu. Hili unaliombea uthibitisho. Ila jiulize kwa ukweli kabla hujaandika, wakikujibu "hapana, hapa kila mtu anakuja ofisini siku tano", bado unaitaka hii kazi? Kama jibu ni ndiyo, uliza ndani ya barua ya kukubali. Kama jibu ni hapana kwa sababu labda una mtoto mdogo au unakaa mbali, basi usikubali kwanza ukategemea watakuonea huruma baadaye, uliza kabla.

La tatu, muda wa majaribio, ndilo ninalotaka ulishike vizuri. Hapa barua haijanyamaza. Barua imesema miezi sita, na wewe uliambiwa mitatu. Ukiandika "nakubali ofa kwa masharti yaliyomo kwenye barua yenu" umekubali miezi sita, basi, na ile mitatu ya mdomoni imebaki kumbukumbu ya intavyuu. Na ukiandika "nakubali kwa miezi mitatu" umefanya alichofanya Hyde. Njia salama ni kuliuliza hili kabla ya barua ya kukubali, na muda unao, leo ni Jumanne tarehe 11.

Halafu usilichukulie kama ni jina tu. Angalia ndani ya barua au kwenye kanuni za ofisi kinachobadilika wakati wa majaribio. Mara nyingi notisi inakuwa fupi, anayekuachisha hatakiwi kukupa muda mrefu, na kuna sehemu bima ya afya au baadhi ya posho zinaanza ukishathibitishwa tu, likizo nayo unaweza kuambiwa usubiri. Kwa hiyo miezi mitatu ya ziada inaweza kuwa miezi mitatu bila bima ya familia. Ukikuta kwenye barua yako hakuna kinachobadilika zaidi ya notisi, pengine miezi sita si jambo la kukuumiza kichwa hivyo. Ukikuta bima inasubiri, basi una sababu nzito ya kuuliza na una kitu halisi cha kuzungumzia, maana unaweza hata kuambiwa miezi sita inabaki ila bima inaanza siku ya kwanza, na hapo umepata ulichokuwa unakitaka.

Kwa hiyo leo au kesho asubuhi mtumie afisa aliyekuletea ofa imeili fupi, na ukiweza mpigie simu dakika chache baada ya kuituma ili isizame chini ya nyingine. Iwe hivi:

"Habari za kazi. Nashukuru sana kwa barua ya ofa ya tarehe 10, nimefurahi na ninatarajia kujibu rasmi si zaidi ya Ijumaa tarehe 14 kama mlivyoelekeza. Kabla sijafanya hivyo nina jambo moja la kuelewa. Kwenye mazungumzo na meneja tulitaja muda wa majaribio wa miezi mitatu, na barua inaonyesha miezi sita. Naomba kujua upi ndio sahihi, na kama ni sita, kama bima ya afya inaanza siku ya kwanza au baada ya kuthibitishwa. Asante."

Ona hapo hakuna neno hata moja la kukataa wala kudai. Hujamshtaki meneja kwamba alikudanganya, na uwezekano mkubwa hakukudanganya, alikuwa anakumbuka utaratibu wa zamani au wa idara nyingine. Umeuliza upi ni sahihi. Kama barua ilikosewa watakutumia nyingine iliyorekebishwa, na hiyo mpya ndiyo utakayoikubali, utaje tarehe yake. Kama ni miezi sita kweli, sasa unajua na unaamua ukiwa macho. Ikifika Alhamisi mchana hawajajibu, andika tena kwa adabu uombe jibu lako lisogee mpaka Jumatatu tarehe 17 kwa sababu unasubiri ufafanuzi wao, na usiiache Ijumaa ipite bila maandishi yoyote kutoka kwako, maana ofa yenye siku ya mwisho inakufa yenyewe siku ikipita, hakuna haja ya mtu kuiondoa.

Sasa tuje kwenye tarehe, na hapa usiandike "nitaanza mapema iwezekanavyo" au "siku yoyote mtakayopanga", watu wanadhani ni unyenyekevu kumbe wanajitengenezea shida, kwa sababu atakuandikia tarehe 1 na utaanza kuhangaika. Kaa chini uhesabu. Chukua mkataba wako wa sasa uangalie siku 30 zinahesabiwaje, kwa sababu kuna mikataba inayosema notisi inaanza siku inayofuata baada ya kupokelewa, na kuna inayosema notisi ya mwezi mzima inaanza tarehe 1 ya mwezi unaofuata, na tofauti yake inaweza kuwa karibu wiki mbili.

Tuseme ya kwako ni ile ya kwanza na mwezi huu una siku 30. Umekubali ofa Ijumaa tarehe 14, wamekuthibitishia, na Jumatatu tarehe 17 unakabidhi barua ya kuacha kazi. Siku ya kwanza ya notisi ni tarehe 18, kutoka hapo mpaka mwisho wa mwezi ni siku 13, zinabaki 17, kwa hiyo siku yako ya mwisho ni Jumatano tarehe 17 ya mwezi ujao. Ukiruka ukaanza kazi mpya Alhamisi tarehe 18 utakuwa hujapumua, na kama makabidhiano yamechelewa siku moja tu umeshaanza kwa kuomba radhi. Pendekeza Jumatatu tarehe 22. Kama mkataba wako ni ule wa mwezi mzima, notisi inaanza tarehe 1 ya mwezi ujao inaisha mwisho wa mwezi huo, na tarehe yako inakuwa tarehe 1 ya mwezi mwingine unaofuata. Ni wiki moja na kitu mbele ya ile 22, kwa hiyo lazima ujue kabla hujaandika.

Kuna jambo dogo hapo watu hawalifikirii. Ukianza tarehe 22, watu wa mishahara mara nyingi wanakuwa wameshafunga hesabu za mwezi, na zile siku zako chache zinaweza kusogezwa zilipwe pamoja na mshahara wa mwezi unaofuata. Kazi ya zamani nayo inaweza kuchelewesha malipo yako ya mwisho mpaka umalize makabidhiano. Ukijumlisha unaweza kukaa wiki tano au sita bila hela kuingia. Si lazima uliweke kwenye barua ya kukubali, lakini tarehe ikishathibitishwa uliza mshahara wa kwanza utaingia lini ili ujipange na kodi ya nyumba.

Tuseme wamekujibu Alhamisi kwamba majaribio ni miezi sita ila bima inaanza siku ya kwanza, na wewe umeridhika. Ijumaa, au Alhamisi hiyohiyo jioni, unaandika barua ya kukubali kwa kujibu imeili ileile iliyoleta ofa ili mazungumzo yote yabaki sehemu moja:

"Habari za kazi. Nashukuru kwa ofa ya nafasi hii. Kwa barua hii nakubali ofa yenu kama ilivyo kwenye barua ya tarehe 10, pamoja na ufafanuzi mlionipa Alhamisi tarehe 13 kwamba bima ya afya inaanza siku ya kwanza ya kazi.

Kuhusu tarehe ya kuanza, mkataba wangu wa sasa una notisi ya siku 30. Nikikabidhi barua ya kuacha kazi Jumatatu tarehe 17, notisi inaisha Jumatano tarehe 17 ya mwezi ujao, hivyo napendekeza nianze Jumatatu tarehe 22. Naomba mnithibitishie kama inafaa.

Naomba pia uthibitisho wa jambo tulilolizungumza na meneja kwenye intavyuu, kwamba nitafanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki, na kama utaratibu huo unaanza mara moja au baada ya muda fulani.

Nitawasilisha barua ya kuacha kazi nikishapata uthibitisho wenu wa tarehe. Natarajia kufanya kazi nanyi."

Iangalie hiyo barua ilivyojengwa. Kukubali kumesimama peke yake kwenye aya ya kwanza na kumefungwa na nukta. Hakuna "ikiwa", hakuna "mradi", hakuna "kwa sharti kwamba". Anayesoma anajua umekubali hata kama ataishia hapo. Maombi yote yako chini, kila moja kwenye aya yake, na yote yameandikwa kama maombi ya kuthibitishiwa. Tarehe imetajwa moja, kwa siku na namba yake, na sababu imetolewa kwa hesabu ambayo yeye mwenyewe anaweza kuirudia. Na ile sentensi ya karibu na mwisho kuhusu kuacha kazi inamwambia bila ukali kwamba kuna kitu kinasubiri jibu lake, hiyo inaharakisha majibu kuliko kukumbushia mara tatu.

Usiongeze mambo mengine hapo. Najua kuna mtu atakuambia uliza na posho ya simu, na kompyuta, na likizo ya masomo, na cheo kitaandikwaje. Kila unapoongeza ombi, ile aya ya kwanza inazidi kufifia, na ukifika maombi sita au saba anayesoma anaona mtu ambaye hajakubali. Ya kompyuta na mengineyo ni ya wiki ya kwanza kazini, yaache.

Majibu yanaweza kuja kwa sura kadhaa. Wakijibu kila kitu vizuri, hifadhi. Wakikupigia simu badala ya kuandika, na hii inatokea sana, meneja anakupigia anasema "usijali, 22 inafaa na siku mbili za nyumbani zipo", mshukuru halafu siku hiyohiyo andika mistari miwili: nashukuru kwa simu ya leo, nimeelewa kwamba tarehe ya kuanza ni Jumatatu 22 na siku mbili za nyumbani zinaanza tangu mwanzo, naomba mnisahihishe kama nimeelewa vibaya. Sasa kuna maandishi, hata kama hakujibu. Usimwandikie kwa wasap tu, meneja akihama au akibadili simu hayo mazungumzo yameondoka naye na wa ofisini hawana kumbukumbu yoyote.

Wakijibu tarehe sawa ila la nyumbani "tutaliongelea ukifika", hilo kwangu mimi ni jibu la hapana lililovaa nguo nzuri. Si kwamba watakunyima lazima, ila hawajakubali kujifunga nalo, na wewe usilihesabu kama unalo. Amua kana kwamba ni siku tano ofisini. Ndio maana nilikuambia mapema, kama hilo lilikuwa la kufa na kupona lilitakiwa kwenda kwenye ile imeili ya kwanza ya Jumanne pamoja na la majaribio.

Wakisema tarehe 22 haiwezekani wanataka tarehe 1, usikimbilie kuvunja notisi ya watu. Mwulize mwajiri wako wa sasa kama anaweza kukuruhusu mapema, au kama siku zako za likizo zilizobaki zinaweza kukatwa kwenye notisi, na mwulize mwajiri mpya kama yuko tayari kufidia hela ya notisi endapo utatakiwa kuilipa. Kuna waajiri wanakubali. Lakini hayo maswali kwa mwajiri wa sasa yanamfungulia kwamba unaondoka, kwa hiyo usiyaulize mpaka ofa ya upande wa pili imekaa kwenye maandishi.

Na hapo nikazie, usikabidhi barua ya kuacha kazi kabla hujasoma tena ofa yako kuona kama imebeba maneno kama "ofa hii inategemea" kupatikana kwa taarifa nzuri za wadhamini, vipimo vya afya, uhakiki wa vyeti au kibali cha kazi. Kama yapo, ofa yako bado ina kamba. Umekubali, lakini wao wanaweza kujitoa kihalali kama kitu kimoja hakijatimia, hata kama kosa ni la mdhamini wako ambaye hakupokea simu. Hapo ongeza sentensi moja kwenye barua ya kukubali, naomba mnijulishe uhakiki ukikamilika, na tarehe yako uihesabu kuanzia siku hiyo, yaani uandike "wiki tano baada ya kupata uthibitisho kwamba uhakiki umekamilika" badala ya tarehe ya kalenda. Nimeona watu wameacha kazi Jumatatu halafu Alhamisi uhakiki wa vyeti ukakwama kwa sababu jina la cheti na jina la kitambulisho yanatofautiana herufi moja, wamebaki katikati hawana pa kurudi.

Kuhusu ile karatasi ya kusaini. Ofa nyingi zinakuja na sehemu ya chini ya kusaini na kuandika tarehe, na wengine wanatuma mkataba kamili baadaye. Usichukue kalamu ukakata "sita" ukaandika "mitatu" halafu ukasaini, hiyo ni ofa mpya uliyoiandika wewe na wao wakiisaini bila kuona mtakuja kugombana. Kama kuna nafasi ya tarehe ya kuanza imeachwa wazi usisaini ikiwa wazi, subiri tarehe ithibitishwe, ijazwe kwenye nakala zote, na pande zote mbili zitie saini ndogo pembeni yake. Na mkataba kamili ukija, kabla hujasaini tafuta kifungu ambacho mara nyingi kiko karibu na mwisho, kinachosema kwamba mkataba huu ndio makubaliano yote na unafuta mazungumzo yote ya awali. Kikiwepo, zile imeili zako zote nzuri za siku za nyumbani na bima zinaweza kukosa nguvu siku unaposaini, isipokuwa yameingizwa ndani ya mkataba au yameambatanishwa nao. Omba yaingizwe. Wakisema ni sera tu haiingii kwenye mikataba, omba basi mkataba utaje sera hiyo kwa jina, na usome sera yenyewe inasemaje kuhusu nani anaweza kuibadilisha.

Mengi ya haya unaweza kuyafanya mwenyewe. Ila kuna vitu ukiviona kwenye barua au mkataba, kusoma jibu langu hakutoshi, mpelekee mwanasheria wa kazi au chama cha wafanyakazi waukague ukiwa bado hujasaini. Kifungu kinachokukataza kufanya kazi kwa washindani baada ya kuondoka ni kimoja. Kingine ni kinachosema utarudisha gharama za mafunzo ukiondoka kabla ya miaka kadhaa. Kama kazi iko nchi nyingine na kibali chako kinafungwa na mwajiri huyohuyo, nenda. Na kama umeshaacha kazi kwa kutegemea uthibitisho wa maandishi halafu wakakuambia nafasi imefutwa, usijibu kwa hasira na usisaini chochote cha "tumeelewana", kusanya barua ya ofa, barua yako ya kukubali, uthibitisho wao wa tarehe na nakala ya barua yako ya kuacha kazi, uende navyo ofisi ya kazi au kwa mwanasheria wiki hiyohiyo, kwa sababu unachoweza kudai kinatofautiana sana nchi kwa nchi na sehemu nyingi muda wa kufungua malalamiko ni mfupi.